Nguvu ipo, inachelewa kufika

"Nimepandisha uzito wa kuchuchumaa kutoka kilo 140 hadi 170, mbona muda wangu wa mita 100 haushuki?"

Angalia muda, ndugu yangu. Ukiwa kwenye kasi ya juu, mguu unagusa ardhi kwa takriban sekunde 0.1 tu. Misuli huhitaji kama sekunde 0.3 au zaidi kufikia nguvu yake ya mwisho. Zile kilo 30 umezipata kweli, ila zinafika mguu ukiwa hewani tayari.

Chukua wakimbiaji wawili wenye uzito sawa. Wa kwanza, akipewa muda, anasukuma nyutoni 3,000, lakini kwenye sekunde 0.1 amefikia 1,200. Mwenzake anaishia 2,600, ila kwenye sekunde hiyohiyo ana 1,500. Huyu wa pili ndiye atakayemwacha mwenzake, kwa sababu neva zake zinaamsha misuli kwa kishindo tangu mwanzo.

Usiache vyuma, asiye na nguvu kabisa hana cha kuharakisha. Ila siku moja au mbili kwa wiki punguza uzito, sukuma kwa kasi yako yote mara 3, kisha pumzika dakika 3. Chuma kikianza kupanda polepole, acha hapohapo. Ukiendelea umechoka, unafundisha misuli uvivu uleule.