Faharasa ya mikopo kwa Kiingereza na Kiswahili: anzeni na maneno yanayobadilisha hesabu

*Tuko watu wanane kwenye taasisi ndogo ya mikopo, ofisi Mbarara, Uganda, na wateja wengi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mikataba iko kwa Kiingereza, mteja tunamweleza kwa Kiswahili. Nimeanza faharasa, imefika maneno 400, na kila afisa anabishia tafsiri ya mwenzake. Nimekosea wapi?*

Maneno 400 ni mengi mno kwa kuanzia, na mengi kati ya hayo hayana ubishi wowote. Hakuna atakayegombana juu ya tawi, risiti au sahihi. Chukua mkataba, ratiba ya marejesho, ujumbe wa simu anaotumiwa mteja na ripoti ya mwezi, kisha uchague maneno ambayo likikosewa moja, kiasi cha pesa kinabadilika au haki ya mtu inabadilika. Utabaki na kama 60. Hayo ndiyo ya kumaliza kwanza.

Kosa la pili, nadhani, ni kupanga kwa maneno. Ukianza na neno la Kiingereza na kutafuta mwenzake wa Kiswahili, utaishia na maneno matatu ya Kiingereza yanayoangukia neno moja la Kiswahili bila mtu kugundua. Panga kwa dhana: mstari mmoja, dhana moja, na maana yake iandikwe kwa sentensi moja kabla hamjaanza kubishana juu ya jina.

Mfano mzuri ni riba. Tuseme mteja amekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 6, na karatasi yake ya Kiswahili inasema "riba asilimia 3 kwa mwezi". Kama riba inahesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, atalipa 36,000 kila mwezi, yaani 216,000 kwa jumla. Kama inahesabiwa juu ya deni lililobaki, na kila mwezi anapunguza 200,000, riba inashuka: 36,000, kisha 30,000, 24,000, 18,000, 12,000 na 6,000. Jumla ni 126,000. Tofauti ni 90,000, na maneno kwenye karatasi ni yale yale. Kwa hiyo "riba" peke yake isiruhusiwe kwenye ratiba wala mkataba. Iwe "riba ya mkopo wa awali" au "riba ya salio linalopungua", na hesabu iwekwe ndani ya faharasa ili afisa mgeni aijue bila kuuliza:

```
riba ya mkopo wa awali       = M * r * n
riba ya salio linalopungua   = r * (jumla ya salio la mwanzo wa kila mwezi)
```

Hapo M ni mkopo, r ni kiwango cha riba kwa mwezi, n ni idadi ya miezi. Maafisa wengi husema "riba ya flati", nanyi msiwazuie kuisema ofisini. Ila kwa mteja, "flati" haisemi chochote.

Kuna watakaotaka kuandika "faida" badala ya "riba", kwa sababu mteja Mwislamu husikia riba kama jambo la haramu. Nawaelewa, lakini msibadilishe. Faida ni pesa anayopata mteja kwenye biashara yake, na afisa anahitaji neno hilo anapomhoji kuhusu duka lake. Mkopo wa riba ukiitwa mkopo wa faida, mteja huyo atakuwa amefichwa jambo alilokuwa anataka kulijua.

Dhamana ndilo neno linalovuruga zaidi. Afisa akisema "lete dhamana", mteja mmoja atakuja na shemeji yake na mwingine atakuja na kadi ya pikipiki, na wote wawili wamesikia sawasawa. Tenganisheni: mtu ni "mdhamini", kitu ni "mali ya dhamana". "Rehani" mimi ningeiweka kando kwa bodaboda na mashine ya kushonea, kwa sababu watu wengi wakisikia kuweka rehani wanafikiri kitu kinabaki kwa mkopeshaji hadi deni liishe, wakati nyinyi mnataka pikipiki iendelee kufanya kazi. Uganda mali inayohamishika ina sheria yake ya mwaka 2019, na haki ya mkopeshaji husajiliwa bila kitu kuondoka mikononi mwa mteja. Neno la Kiswahili lisimtishe kwa jambo ambalo halitatokea.

Jirani ya hapo kuna mtego wa kisheria. Kama taasisi yenu ni ya ngazi ya nne isiyopokea amana, chini ya sheria ya Uganda ya taasisi ndogo za fedha ya mwaka 2016, pesa ambayo mteja huweka kwenu kabla ya mkopo isiandikwe "amana" wala "akiba". Iiteni jinsi ilivyo, "fedha ya kinga ya mkopo", kisha mwanasheria wenu aithibitishe pamoja na Kiingereza chake. Nyingine, fupi: "kiasi kilichoidhinishwa" na "kiasi unachopokea mkononi" ni mistari miwili. Mkikata ada ya asilimia 2 mwanzoni, aliyeidhinishiwa 1,200,000 anaondoka na 1,176,000, na riba bado inahesabiwa juu ya 1,200,000.

Upande wa ripoti, angalia sana kuchelewa. Mteja amebakiza 800,000, na marejesho mawili ya mwezi ya 200,000 yamechelewa, la kwanza kwa siku 35. "Malimbikizo" ni 400,000. "Mkopo ulio hatarini" wa zaidi ya siku 30 ni 800,000 yote, kwa sababu kipimo hicho huhesabu salio zima la mkopo uliochelewa. Timu ikiyaita yote mawili "pesa iliyochelewa", meneja ataona ripoti ya Kiswahili inapendeza kuliko ya Kiingereza. Ukiona ripoti mbili zinatofautiana hivyo, usikimbilie kutafuta mwizi, tafuta neno kwanza.

Kwa Nakivale mnahitaji safu ya ziada. Wateja wengi kule wanatoka Kongo, na Kiswahili chao si cha Dar es Salaam. Mtu atasema "garanti" kwa mali ya dhamana, au "franga" kwa pesa yoyote, hata shilingi ya Uganda. Safu hiyo ni ya kusikiliza: afisa ayatambue, lakini mkataba ubaki na neno moja. Mstari mmoja ukikamilika unaonekana hivi:

```
id,en,sw,mteja_husema,usitumie
07,collateral,mali ya dhamana,garanti,dhamana; rehani
```

Safu ya `usitumie` ndiyo inayomaliza ubishi wa maafisa, kwa sababu inaonyesha neno lao lilifikiriwa na likaachwa. Andikeni na sababu chini yake.

Kabla ya kuchapisha, jaribuni kwa wateja watano ambao hawajakopa kwenu. Usiwaulize kama wameelewa, maana jibu ni ndiyo siku zote. Wasomee ratiba, kisha uliza: "Mwezi wa tatu utaleta shilingi ngapi? Ukichelewa, tutamwendea nani?" Wawili wakikosa swali moja, neno hilo lirudi mezani. Faharasa iwe na mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kuihariri, na kila badiliko liandikwe tarehe, kwa sababu mteja aliyesaini karatasi yenye neno la zamani anabaki na neno hilo hadi amalize deni lake.