Kuchagua wateja wa jiko la chakula Mwembe Tayari

"Napikia maofisi, harusi na watalii. Nikichagua aina moja si nitapoteza wengine?"

Dada, tayari unawapoteza, ila wanaondoka kimya. Chukua daftari la oda uone ofisi zilizoagiza mwezi jana na mwezi huu hazimo. Nadhani nyingi zilicheleweshewa chakula Ijumaa, masufuria yalipokuwa kwenye biriani ya harusi.

Usiwapime kwa mauzo. Pima kinachobaki kwa kila saa ya jiko, maana jiko ndilo usiloweza kuliongeza kesho. Tuseme sahani 60 za ofisini zinakuachia shilingi 80 kila moja ukishatoa vyakula, gesi na bodaboda: 4,800 kwa saa 4, yaani 1,200 kwa saa. Watalii 10 wanakuachia 300 kila mmoja, inapendeza, lakini kila mtu na chake, kwa hiyo saa 5 zinakwisha. Hapo ni 600 kwa saa, na bado hujahesabu kamba wanaoharibika kwenye friji wageni wasipotokea.

Mimi ningeshika maofisi na kuwaacha watalii kabisa. Harusi zichukue za Jumamosi na Jumapili tu, maofisi yakiwa yamefungwa. Ya Ijumaa ikatae hata kama ni ya jirani. Najua hapo ndipo patauma.

Chunga jambo moja: ofisi zikikulipa mwisho wa mwezi, hakikisha una pesa za kununulia vitu sokoni Kongowea hadi hapo, la sivyo hesabu hii haisimami.