Swali la pensheni la IAS 19 lililonifelisha mara mbili

Juzi saa tano usiku mdogo wangu mmoja anayesomea CPA kanitumia meseji, "dada namba za pensheni zinagoma, hii 40 naiweka wapi?" Nikacheka, halafu kicheko kikakata, maana hiyo 40 naijua mimi. Imenirudisha darasani mara mbili, na mara ya pili mwalimu wa review aliisoma karatasi yangu mbele za watu kama kichekesho. Mpaka leo sijasahau.

Swali lenyewe liko hivi, yote ni milioni za shilingi. Kampuni ina mfuko wake inaowaahidi wafanyakazi kiinua mgongo kwa kanuni ya mshahara na miaka ya kazi. Mwanzo wa mwaka deni la mafao ni 800, mali za mfuko 650. Riba ya punguzo 10%. Gharama ya huduma ya mwaka huu 90. Mwisho wa mwaka kampuni ikachangia 70 na wastaafu wakalipwa 40. Akchuari anasema deni limefunga 960, na mali zimefunga 720.

Mimi nilifanyaje? Nikachukua ile 70 nikaiandika kama gharama. Na wengi wetu tunakosea hapohapo kwa sababu tumezoea NSSF, kule mwajiri akishapeleka mchango wake kamaliza, mchango ndiyo gharama. Kwenye mfuko wa kuahidi mafao mchango ni hela imetoka benki ikaingia kwenye mali za mfuko basi, inapunguza tofauti ya deni na mali tu, faida haiguswi. Na 40 ya wastaafu inatoka pande zote mbili, deni linashuka 40 na mali zinashuka 40, kwa hiyo ukitazama tofauti ya deni na mali haijatokea kitu.

Sasa riba. Deni 800 toa mali 650, kampuni inadaiwa 150. Ichukulie kama vile imewakopa wafanyakazi wake 150 kwa 10%, riba ni 15, ndiyo hiyo riba ya neti. Faida au hasara inabeba 90 na 15, jumla 105. Hakuna kingine.

Sasa ile 40 ya mdogo wangu sio ya wastaafu, zimefanana tu (watunga maswali hawa!). Ni mapato ambayo mali zimeleta kweli: 720 toa 650, toa mchango 70, rudisha 40 iliyolipwa, unapata 40. Lakini kwenye riba ya neti tayari tumezipa mali 10% ya 650, yaani 65. Zimeleta 40, pungufu 25, na hiyo 25 inaenda mapato mengine jumuishi, sio kwenye faida. Upande wa deni hivyohivyo: 800 ongeza riba 80 ongeza 90 toa 40 ni 930, akchuari anasema 960, hasara 30, labda riba ya punguzo imeshuka au mishahara imepanda kuliko walivyodhani. 25 na 30 ni 55, huo ndio upimaji upya, na ukishaingia kule haurudi kwenye faida miaka ijayo, hata iweje.

Kilichonimaliza mimi ni fotokopi za majibu ya zamani. Kabla ya Januari 2013 mali zilikuwa na asilimia yake ya mapato yanayotarajiwa, na kulikuwa na ile koridoo ya 10% ya kuchelewesha hasara. Vyote vilifutwa, ila fotokopi bado zinauzwa, na mwalimu aliyeniuzia ndiye huyohuyo aliyenicheka. Ukiona jibu lina koridoo litupe, nawaambieni, litupe!

Halafu fanyeni hesabu ya kufunga kabla hamjageuza ukurasa jamani. 150 ongeza 105 ongeza 55 toa 70 ni 240. Na 960 toa 720 ni 240. Isipokaa, rudi kwenye mchango kwanza, mara nyingi ni huo. Ila hesabu hii haikamati kila kosa, ukiweka 25 kwenye faida badala ya kule kwingine bado itafunga vizuri na marks umepoteza. Na soma tarehe! Mchango wa 70 ukilipwa katikati ya mwaka riba inashuka kwa 3.5 inakuwa 11.5, upimaji upya unapanda hadi 58.5, na mwisho bado ni 240.

Nilimwandikia yote haya nikalala. Asubuhi nimekuta kajibu saa nane usiku, "240 imekaa dada, ila kwenye kitabu changu kuna koridoo".