Shafti ya mashine ya mawese: toki nne, vipenyo vitatu, na inakatika palepale

*Shikamoo mhandisi. Nina shafti ya mashine ya mawese hapa Ujiji, inazunguka mizunguko 200 kwa dakika. Kutoka kushoto: A ni kipondeo, kinachukua 250 N·m, B ni puli ya injini, inaleta 700, C ni ya kupukuchua chikichi, 150, D ni skrubu ya kukamua, 300. A hadi B ni milimita 500, kipenyo 40. B hadi C ni 400, kipenyo 50. C hadi D ni 600, kipenyo 30, maana beringi niliyopata ilikuwa UCP206. Imekatika mara mbili kwenye ngazi, pale 50 inaposhuka kuwa 30. Nimepiga hesabu kwa 700 kila kipande na kujumlisha pembe zote, lakini mwenzangu anasema nimekosea. Kila kipande kinasokoteka kiasi gani, na mkazo mkubwa uko wapi?* (Fundi, Kigoma)

Marahaba. Mwenzako yuko sahihi: mashine ikifanya kazi kama ulivyoeleza, hakuna kipande hata kimoja kinachobeba 700. Injini inaingia katikati, kwa hiyo nguvu inagawanyika palepale B, nyingine inaelekea kushoto kwa kipondeo, nyingine kulia.

Ili kujua kipande kinabeba nini, kikate kwa mawazo. Chukua msumeno wa kichwani, kata popote kati ya puli mbili, tupa upande mmoja, kisha jumlisha toki zote, yaani nguvu za kusokota, zilizobaki upande ulioushika. Toki ya injini ipe alama ya kujumlisha. Za mashine zinazokokotwa zipe alama ya kutoa, kwa sababu zinapinga mzunguko.

Kata kati ya A na B, shika upande wa kushoto. Kilichobaki mkononi ni kipondeo peke yake, kwa hiyo AB inabeba 250. Kata kati ya B na C: kushoto kuna 700 ya injini ukitoa 250 ya kipondeo, inabaki 450. Hapa jihakiki kwa kushika upande wa kulia: 150 na 300 ni 450 pia. Zisipolingana, ujue kuna toki umeisahau, au jumla ya zinazotoka hailingani na inayoingia. Kati ya C na D inabaki 300 ya skrubu tu.

Kuna jambo la alama ambalo wengi hulipita. Ukitembea kutoka kushoto kwenda kulia, AB inasokotwa upande mmoja, BC na CD upande wa pili. Ndiyo maana pembe huwezi kuzijumlisha tu bila kuangalia.

Sasa mkazo wa kukata. Kwa shafti ya mviringo isiyo na tundu, mkazo mkubwa uko kwenye ngozi ya nje, na hesabu yake ni hii:

```
τ = 16·T / (π·d³)
```

Toki, T, iweke kwa N·mm, yaani zidisha N·m kwa 1000, na kipenyo, d, kwa milimita. Jibu litatoka kwa N/mm². AB inapata 19.9. BC, ingawa ndiyo yenye toki kubwa kuliko zote, inapata 18.3 tu, ndogo kuliko nyingine zote. CD inapata 56.6. Kipande hatari ni CD, mara tatu ya jirani yake, na si kwa sababu ya toki bali kwa sababu kipenyo kiko kwenye kipeo cha tatu. Kwa shafti ya ngazi huwezi kukisia kwa kutazama toki kubwa iko wapi. Lazima upige hesabu ya kila kipande.

Vitabu vya usanifu wa mashine, kwa chuma cha kawaida cha shafti ambacho hukijui vizuri, huweka mpaka wa 56 N/mm² pasipo na mfereji wa kii, na 42 palipo na mfereji. Puli yako ya D bila shaka imefungwa kwa kii. Hivyo 56.6 imevuka mpaka kabla hata hatujagusa ile ngazi. Na kama chuma chenyewe umekiokota kwenye vyuma chakavu, usijipe moyo kwamba ni kigumu zaidi ya hapo.

Pembe ya kusokoteka inakuja hivi:

```
φ = T·L / (G·J)      J = π·d⁴/32      G = 80000 N/mm² (chuma)
```

L ni urefu wa kipande kwa milimita, G ni ugumu wa chuma dhidi ya kusokotwa, na J ni ukinzani unaotokana na kipenyo. Jibu ni kwa radiani. Zidisha kwa 57.3 upate digrii. AB inasokoteka digrii 0.36, BC digrii 0.21, CD digrii 1.62. Tazama BC na CD kwa makini, maana shafti yako imetoa mfano ambao mwalimu angeutunga. Toki mara urefu ni sawasawa kwa vyote viwili: 450 kwa 400, na 300 kwa 600. Lakini CD inasokoteka karibu mara nane ya BC. Tofauti yote ni kipenyo, kwa kuwa kwenye pembe kiko kwenye kipeo cha nne.

Ukitaka kujua D imechelewa kiasi gani nyuma ya puli ya injini, jumlisha BC na CD, unapata digrii 1.83. Kwenye puli ya kipenyo cha milimita 300 hiyo ni chini kidogo ya milimita 5 pembeni, jicho halitaona. Ukitaka D dhidi ya A, hapo ndipo alama zinapofanya kazi: A nayo imechelewa nyuma ya B kwa 0.36, kwa hiyo tofauti kati ya ncha mbili ni 1.83 ukitoa 0.36, yaani 1.47. Ukijumlisha kibubu utapata 2.19, na hiyo pembe haipo popote kwenye mashine yako.

Kanuni ya zamani ya mafundi wa shafti ndefu inaruhusu digrii moja kwa kila urefu wa vipenyo ishirini. Vipenyo ishirini vya 30 ni milimita 600, urefu wa CD kamili. Kwa hiyo unaruhusiwa digrii moja, na una 1.62. Imeshindwa kwa mkazo, imeshindwa na kwa kusokoteka.

Turudi kwenye ngazi. Ile 56.6 ni ya katikati ya kipande, mahali palipo laini. Pale kipenyo kinaposhuka ghafla mkazo unajikusanya kwenye kona. Kona ikiwa imeviringishwa vizuri, yenye nusu kipenyo ya sehemu moja ya kumi ya shafti nyembamba (kwako milimita 3), zidisha kwa takriban 1.5. Mkerezaji akiacha kona kali kama ya kisu, ya nusu milimita hivi, zidisha kwa 2.2 au zaidi. Umefika 85 upande mmoja, 125 upande mwingine, kwa shafti ileile na mzigo uleule.

Kabla hujatupa vipande vilivyokatika, visafishe kwa dizeli uvitazame uso kwa uso. Ukiona sehemu kubwa laini, yenye mistari ya mawimbi inayoanzia pembeni kwenye kona, na kijisehemu kidogo chenye chenga mwishoni, huo ni uchovu wa chuma: ufa ulianza zamani na ulikuwa ukitembea kidogo kidogo. Mikanda ikivuta shafti upande mmoja, kila mzunguko unaukunja ule ufa na kuukunjua. Ukiona uso umekatika wima, tambarare, wote wa aina moja kama umezungushwa, hiyo ni toki iliyozidi kwa mara moja. Kwa kuwa yako imekatika mara mbili mahali pamoja, nategemea utaona mawimbi.

Hata hivyo ile 700 yako usiifute kabisa. Fikiria skrubu imekwama, labda kokwa ngumu au jiwe limeingia, wakati kipondeo na cha kupukuchua viko vitupu. Mashine hizo mbili hazichukui kitu, na injini inasukuma yote kuelekea D. Hapo BC na CD zote zinabeba 700 kweli, kama mkanda hautateleza, na uzito wa gurudumu la injini unaweza kuongeza juu yake. BC inafika 28.5, haina shida. CD ya 30 inafika 132, na chuma laini huanza kusalimu amri kwa kukatwa karibu na hapohapo, kona bado hujaihesabu.

Wengi wangekuambia weka 35, UCP207. Mkazo unashuka hadi 35.6, chini ya 42. Lakini kwa kanuni ya vipenyo ishirini ruhusa yako ni digrii 0.86 na utapata 0.88, umegusa ukuta, na skrubu ikikwama utafika 83. Mimi ningekereza CD kwa 40 na kutafuta UCP208. Kazini inapata 23.9, inasokoteka nusu digrii tu, na hata skrubu ikikwama inabaki 55.7. Pia utakuwa na 40 pande zote mbili za 50, beringi za aina moja, akiba moja tu kabatini.

Mwambie mkerezaji kona ya ngazi aiache na nusu kipenyo ya milimita 4, aisugue kwa msasa hadi mistari ya kisu ipotee. Beringi za UCP zinabanwa na skrubu zake ndogo, hazihitaji kuegemea ngazi, kwa hiyo isogeze beringi mbali na kona isije ikaila. Mfereji wa kii nao uishie kabla ya kufika kwenye mviringo wa ngazi, kona mbili zisikutane.

Hesabu hii yote ni ya kusokota peke yake. Mkanda unakunja pia, na palipo na mkunjo M badala ya T unaweka √(M² + T²) kwenye ile kanuni ya mkazo. Ili M ibaki ndogo, puli ya D iwe karibu na beringi yake kadiri inavyowezekana, na mkanda wa skrubu usiukaze kupita kiasi: skrubu ikikwama ni heri ulie na kuteleza kuliko shafti kukatika.