Vidoti vyeusi machoni, CD4 ikiwa 31

"Kaka yangu ana CD4 31, kaanza ARV wiki hii. Jicho la kulia anaona vidoti vyeusi vinaelea. Haliumi wala si jekundu. Tusubiri dawa zifanye kazi?"

Pole, dada. Msisubiri, na ARV asiziache. CD4, yaani chembe za kinga ambazo VVU huziua, ikishuka chini ya 50, virusi vya saitomegalo huweza kula retina, ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha. Retina haina maumivu, ndiyo maana jicho linaonekana zima.

Leo mwambieni azibe jicho moja, atazame kalenda ukutani, kisha abadilishe. Tarehe zikifutika upande mmoja, au akiona kama pazia linashuka, hiyo ni dharura: huenda retina inabanduka. Asipoona kasoro, bado aende, kwa sababu kidonda cha pembeni hakijitokezi mapema.

Kliniki ya macho waombeni wapanue mboni kwa matone na kukagua retina yote, macho yote mawili. Kurunzi ya kawaida haitoshi.

Ikithibitika ni virusi hivyo, tiba ya kawaida ni valgansikloviri miligramu 900 mara mbili kwa siku, pamoja na chakula, wiki 2 hadi 3, kisha 900 mara moja kwa siku hadi CD4 ipande vizuri. Dozi hupunguzwa figo zikiwa dhaifu. Dawa hii hushusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo apimwe damu mara kwa mara, hasa kama ARV zake zina zidovudini. Sehemu ya retina iliyokufa hairudi; tunaokoa iliyobaki, na jicho la pili.