Fyuzi ya mashine ya kukaushia nguo inaungua kila mara

Swali: Mashine yangu ya umeme ya kukaushia nguo ilikuwa inamaliza kwa dakika 50, sasa ni karibu saa mbili na juu yake hapagusiki kwa moto. Chujio nasafisha kila nikifua. Juzi iliacha kutoa joto, fundi akaweka fyuzi mpya, na baada ya wiki mbili imeungua tena. Je, fyuzi ni mbovu?

Jibu: Fyuzi si mbovu, na huenda imekuepusha na moto mara mbili. Kinachokusumbua ni hewa kukosa njia ya kutokea.

Ndani ya mashine hiyo feni huvuta hewa, ikapita kwenye hita, ikaingia kwenye pipa la nguo, kisha ikasukumwa nje kupitia bomba la nyuma. Hewa hiyo hubeba unyevu wa nguo, na pia huondoa joto kwenye hita. Njia ikiziba, unyevu hubaki ndani, ndiyo maana nguo hazikauki, na joto hukusanyika palepale lilipozalishwa. Thamostati hujaribu kulidhibiti kwa kuzima na kuwasha hita. Likizidi kiwango, fyuzi ya joto hukatika, nayo ikikatika haijirudishi. Kubadilisha fyuzi bila kuzibua njia ni kuiandaa iungue tena. Na fundi akikuambia aunganishe nyaya bila fyuzi ili "isikusumbue", mkatalie kabisa. Hapo hutakuwa na kinga tena.

Chujio safi halitoshi, kwa sababu nyuzi laini sana hupenya na kwenda na hewa yenye unyevu. Zinaganda ndani ya bomba, hasa kwenye kona na mahali lilipolegea. Nyingine huvuja ndani ya bodi na kutua karibu na hita. Nyuzi kavu za pamba hushika moto upesi mno, na zikiwaka, feni huzipeleka kwenye bomba lililojaa nyuzi nyingine.

Niliwahi kuitwa kwenye mashine yenye dalili kama zako. Nje ya ukuta, kifuniko cha bomba, ambacho kinapaswa kuinuka mashine ikifanya kazi, kilikuwa kimelala. Nilichomoa plagi, nikaisogeza mashine. Bomba lilikuwa la plastiki lenye mikunjo, upana wake sentimita 10, lakini mashine ilikuwa imelibana ukutani hadi likabaki uwazi wa vidole viwili. Kwenye ule mbano nilitoa nyuzi za kujaza ndoo. Nikaweka bomba gumu la chuma, fupi, lenye kona moja. Viungio nilivifunga kwa vibano na utepe wa alumini, bila skrubu, kwa sababu ncha ya skrubu ikitokeza ndani hunasa nyuzi. Ndipo nikaweka fyuzi mpya, na muda wa kukausha ukarudi ulivyokuwa.

Kwako anza hivyohivyo. Washa mashine, toka nje, weka mkono penye tundu. Upepo ukiwa dhaifu, zima, chomoa plagi, toa bomba na ulisafishe kwa brashi ndefu kutoka pande zote mbili. Kama ni la plastiki au la karatasi ya alumini, usilisafishe, litupe. Ukisharudisha kila kitu, angalia kama wavu umewekwa kwenye tundu la nje. Watu huuweka kuzuia ndege, lakini huziba kwa nyuzi baada ya muda mfupi. Ung'oe, kifuniko chenyewe kinatosha. (Kwa wenye mashine ya gesi: msiguse bomba wenyewe, mwiteni fundi, maana likivuja hewa yenye sumu huingia ndani ya nyumba.)

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Safisha chujio kabla ya kila mzigo, kama unavyofanya. Mara moja kwa mwezi limwagie maji: yakituama juu ya wavu badala ya kupita, limepakwa mafuta ya karatasi za kulainishia nguo. Lioshe kwa sabuni, maji ya vuguvugu na brashi laini, kisha likauke kabisa. Siku hiyohiyo chungulia kifuniko cha nje. Bomba lisafishwe mara moja kwa mwaka, au kila miezi sita kama unakausha kila siku, na fundi afungue bodi atoe nyuzi zilizozunguka hita. Hiyo ya ndani usiifanye mwenyewe.

Hadi utakapokamilisha, usiitumie. Na hata ikipona, usiiache ikifanya kazi mkiwa mmelala. Ukisikia harufu ya kuungua, usifungue mlango, kwani hewa mpya hulisha moto. Kata umeme kwenye swichi kuu kama unaifikia kwa usalama, toeni watu wote nje, piga simu zimamoto.