Maombi 280, nafasi moja ya mhasibu

"Tumetangaza nafasi moja ya mhasibu wa shule, yamekuja maombi 280. Tuko wawili tu ofisini. Tunachujaje, na usaili tuupangeje bila kumwonea mtu?"

Ndugu, kabla ya kufungua bahasha, rudini kwenye tangazo. Yale mliyoandika kuwa ni lazima, mfano stashahada ya uhasibu na uzoefu wa miaka miwili, ndiyo chujio la kwanza: ndiyo au hapana. Msiongeze sharti jipya katikati.

Waliobaki, tuseme 60, kila mmoja wenu awape alama peke yake bila kuona za mwenzake. Mkipishana sana kwa mtu mmoja, someni barua yake tena pamoja. Chukueni 12 wa juu. Wa 12 na wa 13 wakilingana, waiteni wote.

Usaili wa dakika 25 unahitaji dakika 10 za kujaza alama kabla hajaingia mwingine. Hizo 10 ndizo watu huziruka, halafu jioni wanamkumbuka wa mwisho tu. Kuanzia saa 2:30 hadi saa 6:00 mchana mnapata watu sita, kwa hiyo tengeni asubuhi mbili. Zamu zipangwe kwa kura, ila anayetoka mkoani apewe ya mwisho, basi lisije likamponza. Maswali yawe yaleyale kwa wote.

Msiulize ujauzito wala ndoa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamlinda hata mwombaji. Akilalamika mtu, muoneni mwanasheria kabla ya kumjibu, na fomu za alama msizitupe.